Kimo Kimefichwa Kwenye Kona ya Ploti

Ukiifuata barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga hadi Ukunda, utaona kwamba vichochoro vingi haviingii kwenye lami kwa pembe mraba. Vinaingia mshazari, kila kimoja na mwelekeo wake. Pale kichochoro kinapokutana na lami kwa namna hiyo hubaki kipande cha ardhi chenye pande tatu, na kipande hicho hakikosi mnunuzi, maana kina uso wa barabara na ni kizuri kwa duka. Shida huanza inapofika zamu ya kusema ukubwa wake. Ploti ya futi 50 kwa 100 kila mtu anaijua kwa macho. Ya pembetatu kila mtu ana hesabu yake.

Tuchukue ploti moja ya mfano. Upande ulio kando ya lami ni mita 42. Upande ulio kando ya kichochoro ni mita 35. Pande hizo zinakutana kwenye kona, na upande wa tatu, wa nyuma, umepakana na shamba la minazi la jirani. Ndani ya ploti kuna nyumba ya zamani, mwembe, na shimo ambalo watu walichimba matumbawe ya kujengea. Dalali anamwambia mnunuzi: "Mama, pembetatu ni nusu ya mstatili. Arobaini na mbili mara thelathini na tano, gawa kwa mbili. Ni mita mraba 735."

Inasikika kama hesabu ya shule, na karibu yote ni ya shule. Kanuni tuliyofundishwa ni kitako mara kimo, gawa kwa mbili. Kitako hapa ni ule upande wa lami, mita 42, wala hakuna ubishi. Kosa limejificha kwenye ile 35. Huo ni urefu wa upande wa kichochoro, nao umelala mshazari. Kimo ni kitu kingine: ni umbali kutoka kona ya nyuma kuja moja kwa moja hadi kwenye mstari wa lami, ukiufikia kwa pembe mraba. Upande ulioinama daima ni mrefu kuliko kimo. Viwili hivyo huwa sawa mahali pamoja tu, pale kona inapokuwa ya digrii 90. Kwa hiyo anayezidisha pande mbili na kugawa kwa mbili hupata eneo kubwa kuliko lililopo, na anayefaidika ni muuzaji.

Ili kuona kwa nini urefu wa pande hautoshi, fikiria fremu ya kitanda cha kamba ambayo viungo vyake vimelegea. Ikisimama sawasawa, pembe zake nne zikiwa mraba, nafasi ya kulala ni kubwa kabisa. Isukume upande. Mbao ni zile zile na hakuna iliyokatwa, lakini fremu imelala mshazari na nafasi ya ndani imepungua. Endelea kuisukuma na mbao zitakaribia kulaliana hadi nafasi iishe. Pembetatu yetu ni nusu ya fremu kama hiyo, iliyokatwa kutoka kona hadi kona. Mita 42 na mita 35 ni mbao zake. Kinachoamua eneo ni jinsi fremu ilivyoinama, yaani pembe iliyo kati ya pande hizo mbili.

Mwanafunzi wa sekondari akija na daftari lake atakuonyesha kanuni hii:

Eneo = ½ab sin C

Hapo a na b ni pande mbili, na C ni pembe iliyo katikati yao. Wengi huikariri kama kanuni ya pili, tofauti na ile ya kitako na kimo. Ni kanuni ile ile. Ukifunika sehemu ya b sin C kwa kidole, unachokifunika ndicho kimo. Saini ya pembe ni jibu la swali moja la kawaida sana: nikitembea mita moja kwenye upande ulioinama, nitakuwa nimepanda mita ngapi kutoka kwenye kitako? Kona ya ploti yetu ni ya digrii 64, na kwa kona hiyo jibu ni karibu mita 0.9. Basi ukitembea mita 35, utakuwa umepanda 35 mara 0.9, yaani mita 31 na nusu hivi. Hicho ndicho kimo tulichokitafuta, nacho kimepatikana bila kuingia ndani ya ploti wala kupita juu ya shimo.

Maelezo haya yanakupa pia njia ya kupima kimo ukiwa huna kipimapembe, tepu tu. Ikiwa kila mita ya upande ulioinama inapanda kiasi kile kile, basi si lazima ufike mwisho wa upande ili ujue. Pembetatu ndogo pale kwenye kona ina umbo lile lile la ploti nzima, na kimo chake kina uwiano ule ule na upande wake ulioinama.

Fanya hivi. Vuta kamba moja kufuata mpaka wa lami na nyingine kufuata mpaka wa kichochoro, zikutane kwenye bikoni ya kona. Zikaze kweli, maana kamba iliyolegea au iliyozunguka mti inaharibu kila kitu kinachofuata. Kwenye kamba ya kichochoro, pima mita 10 kutoka kona na usimamishe kigingi. Sasa shika sifuri ya tepu kwenye kigingi hicho, na mwenzako aivute hadi kamba ya lami. Tepu ikiwa imekazwa, aipitishe juu ya kamba hiyo pole pole, akitoka upande mmoja kwenda mwingine, huku akisoma namba iliyo juu ya kamba. Namba itapungua, itasimama, kisha itaanza kuongezeka. Ile ndogo kabisa ndiyo kimo cha pembetatu ndogo.

Mafundi wa ujenzi wataniuliza mbona hatutumii skwea, au ile tatu-nne-tano yao ya kupatia pembe mraba. Tumieni mkipenda, lakini hapa hazihitajiki, na kuna sababu nzuri. Karibu na mahali pa pembe mraba, urefu wa tepu hubadilika kidogo mno. Tuseme kimo cha kweli ni mita 8.99, na mwenzako amesoma akiwa amepotoka sentimita 30 nzima kutoka mahali sahihi. Tepu itamwonyesha mita 8.995. Amekosea mahali kwa urefu wa rula ya mwanafunzi, lakini kwenye kipimo amekosea nusu sentimita tu. Sisi tunataka urefu peke yake. Ni wapi hasa tepu iligusa kamba si kazi yetu.

Kwenye ploti yetu kimo hicho kidogo ni mita 8.99 kwa zile mita 10. Gawa, upate 0.899. Hiyo ndiyo saini ya kona, na umeipata bila kujua kona ni digrii ngapi. Kimo cha ploti nzima ni 35 mara 0.899, yaani mita 31.5 kwa ukaribu. Kitako 42 mara kimo hicho, gawa kwa mbili, na eneo ni karibu mita mraba 661.

Dalali alisema 735. Tofauti ni mita mraba 74. Kwa mtu wa Ukunda anayejenga nyumba ya kupangisha, hiyo ni sawa na vyumba vinane vya futi 10 kwa 10, ambavyo mnunuzi angelipia na asivione. Sisemi kwamba dalali ni mwizi. Wengi wanaifanya hesabu hiyo kwa nia safi, kwa kuwa ndivyo walivyoipokea. Fedha hata hivyo hutoka vile vile.

Mbona mita 10, isiwe mita moja iliyo rahisi? Kwa sababu kosa la tepu hukua pamoja na ploti. Ukipima mita 10 na ukakosea sentimita 5 kwenye kimo kidogo, eneo la mwisho litapotoka kwa karibu mita mraba 4. Ukipima mita moja na ukakosea sentimita zile zile 5, utapotoka kwa karibu mita mraba 37. Kama uwanja unaruhusu mita 20, chukua 20, kisha ugawe kwa 20.

Na kama ploti ingekuwa wazi, bila nyumba wala shimo, usingehitaji pembetatu ndogo kamwe. Ungesimama kwenye bikoni ya nyuma na tepu ndefu, ukaipitisha juu ya kamba ya lami vivyo hivyo, na kusoma mita 31 na nusu moja kwa moja. Ukipata nafasi ya kufanya yote mawili, yafanye. Namba zikigongana vibaya, kamba mojawapo haikunyooka.

Kuna ploti ambazo kona yake imepanuka kupita pembe mraba, na hapo ndipo watu wengi hukwama. Tuseme kichochoro kimegeukia upande wa pili, na kona si digrii 64 tena bali 116. Ukiitafuta namba ndogo kabisa ya tepu juu ya kamba ya lami, utajikuta unarudi hadi kwenye bikoni ya kona na namba bado inapungua. Ploti haina kasoro, wala tepu. Kimo kimeangukia nje. Refusha kamba ya lami kupita kona, kwa mstari ule ule, mita tano au sita hivi upande wa pili, kisha rudia. Tepu itapata mahali pake huko nje, nayo itasoma mita 8.99 kama mwanzo, kwa kuwa 64 na 116 zinajumlika kuwa 180, na pembe mbili za namna hiyo zina saini moja. Eneo ni lile lile, mita mraba 661. Umbo tu ndilo tofauti, na tofauti hiyo utaihisi wakati wa uzio. Ploti ya kwanza ina mzunguko wa mita 118 hivi, na ya pili karibu 142. Ardhi ni sawa, ila seng'enge imeongezeka kwa mita 24.

Kona gani uitumie? Kwa nadharia, yoyote kati ya tatu, mradi pande mbili unazozidisha ziwe ndizo zinazokutana kwenye kona hiyo. Hili la mwisho nalisisitiza, maana nimeona daftari nyingi zikiharibika hapo. Kwenye ploti yetu, kona iliyo mwisho wa pili wa upande wa lami ina saini ya karibu 0.76. Ukichukua 42 na 35, ambazo hazikutani pale, ukazidisha kwa saini hiyo na kugawa kwa mbili, utapata mita mraba 561, na safari hii atakayelia ni muuzaji. Kona hiyo inataka upande wa lami na upande wa nyuma, ambao ni mita 41.2. Ukitumia hizo utarudi kwenye 661.

Kwa vitendo, chagua kona iliyo karibu na pembe mraba na ukimbie kona nyembamba. Kipande chembamba kama kabari, kama vile vinavyobaki pale njia mbili zinapoachana pole pole, kina kona ya digrii 20 au pungufu. Ukiisoma 20 kama 21, eneo linaongezeka kwa karibu asilimia 5. Kwenye kona ya digrii 64, kukosea digrii moja kunabadilisha eneo kwa chini ya asilimia moja. Kwenye 88 au 90 huoni tofauti yoyote ya maana. Kabari yoyote ina kona mbili nyingine, na mara nyingi mojawapo haiko mbali na pembe mraba. Nenda ukapimie huko.

Wale watakaotumia kikokotoo au simu, pamoja na wazazi wanaosaidia kazi ya nyumbani, wajihadhari na jambo moja. Kikokotoo kinaweza kupokea pembe kwa digrii au kwa radiani, na hakikuulizi. Kikiwa kimewekwa `RAD` badala ya `DEG`, ukiandika sin 64 kitakupa 0.92. Hiyo ni hatari hasa kwa kuwa inafanana na jibu sahihi. Ingekuwa namba hasi au sifuri ungeshtuka, lakini 0.92 unaipokea, na eneo linakuwa 676 bila mtu kujua. Kabla ya kuanza, andika sin 30. Ikitoka 0.5 kamili, endelea. Ikitoka kitu kingine, tafuta mahali pa kubadilisha.

Ukishapata jibu, lihakiki kwa upande ambao hukuugusa. Pima upande wa nyuma, kupitia kwa jirani ikibidi, na kwa hodi. Jumlisha pande tatu: 42, 35 na 41.2, na nusu ya jumla ni 59.1. Kutoka kwenye nusu hiyo toa kila upande, upate 17.1, 24.1 na 17.9. Zidisha namba zote nne, yaani nusu yenyewe na yale mabaki matatu, kisha utafute kipeo cha pili. Utapata karibu 660. Njia hii inahusishwa na Heroni wa Aleksandria, na uzuri wake ni kwamba haitumii pembe wala kimo popote. Kwa hiyo ikikubaliana na jibu lako la kwanza, ujue kosa haliko kwenye kona. Mita mraba moja au mbili za tofauti ni za kukadiria desimali. Zikiwa 20, kapime upya.

Huenda ukajiuliza kwa nini basi tusianze na Heroni tukaachana na pembe. Upande wa tatu ukipimika, anza naye. Lakini upande wa nyuma ndio wenye vichaka, ukuta wa jirani au mbwa, na upande uliopimwa kwa kuzunguka vizuizi ni mbaya kuliko upande usiopimwa. Kona ya barabarani, kinyume chake, iko wazi siku zote.

Haya yote yanahesabu ardhi kama ingekuwa tambarare. Ukunda, Diani na Msambweni pwani, hilo halikupi taabu. Ukipanda Kwale mjini au Shimba Hills, tepu iliyolazwa juu ya mteremko inasoma zaidi ya kile kitakachoandikwa kwenye ramani, kwa sababu ramani hupima kwa usawa. Huko shikeni tepu ikiwa sawa kama maji, kwa vipande vifupi, mkishusha timazi kila mwisho wa kipande.

Halafu linganisha na hati. Hati huandika kwa hekta, kwa hiyo ploti yetu itaonekana kama hekta 0.066, ambayo kwa lugha ya dalali ni pungufu kidogo ya sehemu ya sita ya ekari. Usitarajie desimali zote zioane. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inaichukua mipaka iliyo kwenye ramani kuwa ya makadirio, isipokuwa pale rejista inapoonyesha kwamba imewekwa rasmi. Kipimo chako cha tepu hakiwezi kusimama badala ya cha mpima ardhi mwenye leseni. Kazi yake ni kukujulisha kama uko karibu na 661 au karibu na 735 kabla hujatoa malipo ya kwanza.

Lililobaki ni kuuliza ile mita 42 ilianzia wapi na iliishia wapi. Barabara ya Likoni–Lunga Lunga ni barabara kuu ya taifa, na kando ya lami kuna ardhi iliyotengwa kwa barabara ambayo si ya muuzaji hata kama amepanda mihogo juu yake. Ukivuta kamba yako kwenye ukingo wa lami, umepima kitako cha ardhi ya serikali, na kimo chako nacho kimerefuka. Mwombe mpima ardhi akuonyeshe bikoni tatu, moja moja, kwa ramani iliyo mkononi. Kamba zivutwe kutoka bikoni hadi bikoni, hata kama uzio uliopo umesimama mbele zaidi.